Nimekatwa 138 kutoa 10,000: ile ya ziada imeenda wapi?

*Swali: Nilikwenda kutoa shilingi 10,000 kwa wakala wa M-Pesa hapa kwetu Msambweni. Karatasi iliyobandikwa ukutani inasema makato ni 112. Mwanangu ameangalia kwenye simu yake akaniambia ni 115. Lakini mimi nilikuwa na 10,500, na nilipomaliza nikabakiwa na 362. Juu ya hayo kijana wa dukani akaniomba 20 mkononi, eti ya kodi, nami nikampa. Simu nilimwachia yeye anibonyezee kwa sababu miwani niliisahau nyumbani. Nani mkweli hapa, na je, nitarudishiwa changu?*

Shikamoo mama. Umeeleza kila kitu ninachohitaji, kwa hiyo nakupa jibu lenyewe kwanza. Karatasi ya ukutani imepitwa na wakati, na mwanao amesema kweli. Ile 138 si kosa la mtandao: pesa yako ilitolewa mara mbili, elfu tano na elfu tano tena, na kila mara ikakatwa ada yake. Ile 20 haimo katika jedwali lolote. Hiyo ilikwenda kwa kijana.

Utaniuliza nimejuaje na sikuwapo. Nimejua kwa sababu ada ya 138 haipo. Makato ya kutoa pesa kwa wakala hayaendi kwa asilimia. Yamepangwa kwa madaraja, na kila daraja lina ada yake moja. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Julai 2023, ukitoa kiasi chochote kuanzia 101 hadi 2,500 unakatwa 29. Kutoka 2,501 hadi 3,500 ni 52, kutoka 3,501 hadi 5,000 ni 69, kutoka 5,001 hadi 7,500 ni 87, na kutoka 7,501 hadi 10,000 ni 115. Ukivuka elfu kumi hata kwa shilingi moja, unaruka hadi 167. Sasa tafuta 138 humo, hutaipata. Mteja akiniletea makato yasiyo kwenye jedwali, huwa siulizi mtandao umefanya nini. Hutafuta namba mbili za jedwali ambazo zikijumlishwa zinaleta ile aliyokatwa. Yako haikunichukua muda: 69 na 69.

Na salio lako linakubali. Ulianza na 10,500. Ondoa 5,069, zinabaki 5,431. Ondoa 5,069 nyingine, zinabaki 362, ambazo ndizo ulizozikuta. Lau ungetoa 10,000 mara moja, ungekatwa 115 na simu ingekuonyesha 385. Tofauti ni shilingi 23. Weka na ile 20 ya mkononi, jumla ulizotozwa bila sababu ni 43.

Usiniamini mimi kwa hesabu tu, fungua meseji za M-Pesa za siku ile. Zitakuwa mbili, zimepishana kwa dakika chache, na ukiacha nambari ya wakala na jina la duka, sehemu zenye maana zitasomeka hivi:

```
Withdraw Ksh5,000.00 ... New M-PESA balance is Ksh5,431.00. Transaction cost, Ksh69.00.
Withdraw Ksh5,000.00 ... New M-PESA balance is Ksh362.00. Transaction cost, Ksh69.00.
```

Maneno ya kutazama ni `Transaction cost`. Hayo ndiyo makato halali ya muamala ule, na hakuna mengine. Mwanzoni mwa kila meseji kuna msimbo wa herufi na tarakimu kumi. Misimbo ikiwa miwili tofauti, miamala ni miwili, hata kama wewe ulisimama dukani mara moja na kupokea kitita kimoja cha noti.

Simu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, kwa hiyo usishangae ukikuta meseji moja imefutwa. Kufuta meseji hakufuti kumbukumbu. Mwambie mwanao apige `*334#` aingie kwenye akaunti yako, au atumie programu ya M-Pesa, aombe taarifa ya miamala ya mwezi huo. Itatumwa kwa barua pepe ikiwa faili lililofungwa, na msimbo wa kulifungua utakuja kwenye simu yako. Humo kila utoaji umeandikwa kwa mistari miwili: mmoja unaanza na `Customer Withdrawal At Agent Till`, na mwingine, wenye msimbo uleule, umeandikwa `Withdrawal Charge`. Mkihesabu mistari ya `Withdrawal Charge` ya siku ile mtajua mara moja umetoa mara ngapi. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzuri kuliko meseji, kwa sababu makato yanasimama peke yake mstarini, hayajafichwa mwishoni mwa sentensi ndefu.

Sasa, kwa nini wakala apasue elfu kumi yako? Kuna sababu mbili, moja ya haki na nyingine siyo.

Wakala anafanya kazi na mifuko miwili. Mmoja ni keshi iliyo kwenye droo, mwingine ni floti iliyo kwenye simu yake ya kazi. Mteja akiweka pesa, droo inajaa na floti inapungua. Mteja akitoa, floti inajaa na droo inapungua. Mahali ambapo watu wengi hupokea pesa kutoka kwa watoto walioko Mombasa au Nairobi, na wachache ndio wanaoweka, droo hukauka kabla ya adhuhuri. Wakala aliyebakiwa na elfu sita hawezi kukupa elfu kumi, lakini anaweza kukwambia utoe elfu tano, usubiri kidogo, akija mtu wa kuweka umalizie. Hilo halina ubaya, ila ni lazima akwambie mapema kwamba utakatwa mara mbili, ili wewe uamue kusubiri, au kwenda duka la pili, au kukubali.

Sababu ya pili ni kamisheni. Wakala hachukui ada yako moja kwa moja. Kampuni ndiyo inayoikata kwenye akaunti yako, kisha inamlipa yeye sehemu yake, na malipo hayo huhesabiwa kwa kila muamala kufuata daraja. Kwa hiyo miamala miwili midogo inaweza kumlipa zaidi ya mmoja mkubwa. Kampuni inalijua hilo na hukataza mawakala kupasua muamala kwa ajili ya kuongeza kamisheni, lakini katazo hilo hukamata zaidi yule anayefanya kwa pupa, mara kumi kwa siku kwa wateja walewale. Mmoja kwa mama mmoja hupita kimya.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba wakala wa Kenya hana uwezo wa kutoa pesa kwenye akaunti yako akiwa upande wake. Anayeanzisha utoaji ni mteja, kwenye simu ya mteja: unachagua `Withdraw Cash`, unaandika nambari ya wakala, unaandika kiasi, unaweka nambari ya siri. Kiasi kilichoandikwa pale ndicho kinachoamua ada. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kumtokea mtu anayebonyeza mwenyewe bila yeye kujua, na ndiyo maana linawatokea wazee na wale waliosahau miwani. Kwako wewe nambari ya siri ilitumika mara mbili. Ama uliiandika mara mbili ukidhani ya kwanza imekataa, ama ulimtajia. Kama ulimtajia, ibadilishe leo kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu hapo tatizo si shilingi 23 tena.

Hapa kuna nyongeza ambayo mawakala wengine wataniudhikia kwa kuitaja, na wateja wengine pia: kupasua si mara zote ni hasara kwa mteja. Inategemea ngazi unayoikanyaga. Elfu tano kwa mara moja ni 69, lakini 2,500 mara mbili ni 58, unaokoa 11. Elfu saba na mia tano ni 87 kwa mara moja, na 2,500 mara tatu pia ni 87, hakuna tofauti. Elfu kumi ni 115 kwa mara moja, na 2,500 mara nne ni 116. Ukipasua kwa elfu tano tano, kama ulivyofanyiwa, ni 138. Kisha njoo kwa 12,500: kwa mara moja ni 167, lakini elfu kumi halafu 2,500 ni 115 na 29, yaani 144. Tofauti ni zile 23, ila safari hii zinabaki kwako. Hii ni kwa sababu ngazi ya elfu kumi kwenda juu ni ndefu kuliko zote zilizo chini yake, shilingi 52 kwa hatua moja. Kwa hiyo kijana akikwambia kwamba alipasua ili kukusaidia, mwombe akuonyeshe kwenye jedwali. Kwa 12,500 angekuwa na hoja. Kwa 10,000 hana.

Turudi kwenye karatasi ya ukutani, maana hiyo ndiyo inayowagombanisha watu kila siku. Daraja la 7,501 hadi 10,000 linafaa kufafanua jambo hili kwa sababu namba zake ni nyepesi. Limewahi kuwa 110, likawa 112, na sasa ni 115. Ukitazama vizuri utaona kwamba ada yenyewe ni mia moja kamili, na kinachobadilika ni ushuru wa bidhaa ambao serikali inatoza juu ya ada za kutuma na kutoa pesa kwa simu. Ushuru huo ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 10, ukapandishwa hadi 12 mwaka 2018, kisha hadi 15 kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Mia na kumi, mia na kumi na mbili, mia na kumi na tano. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka kuufikisha 20, ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni mwaka huo, kwa hiyo 115 ikabaki.

Kutokana na hayo, karatasi inayosema 112 ilichapishwa kabla ya Julai 2023. Ina alama nyingine inayoweza kutazamwa hata na asiyejua historia ya ushuru: soma mstari wa mwisho chini kabisa. Ukiishia kwenye 150,000, karatasi ni ya zamani. Kiwango cha juu cha muamala mmoja kilipandishwa hadi 250,000 mwezi Agosti 2023, na karatasi mpya huishia hapo. Wakala hatozi kwa kufuata karatasi yake, wala hawezi kupunguza au kuongeza makato ya mtandao. Karatasi ikikosea, simu bado inakata kiwango cha sasa. Kosa lake ni la kukupa habari ya uongo, na si dogo, kwa sababu kuonyesha ada sahihi ni sehemu ya kazi aliyopewa.

Pia waulize wanaosema wamesoma 90 kama hawakusoma sehemu isiyo yao. Kwenye jedwali lilelile, kutuma 10,000 kwa mtu ni 90, na kutoa 10,000 kwa wakala ni 115. Namba hizo hukaa mstari mmoja, safu mbili tofauti, na dukani mwanga ni hafifu.

Historia hii ya ushuru ndiyo inayomaliza habari ya ile 20. Kijana alisema ni ya kodi. Kodi imo ndani ya 115 tayari, ndizo zile 15, na inakatwa kwenye simu pamoja na ada. Hakuna kodi ya kutoa M-Pesa inayolipwa kwa noti au sarafu juu ya meza. Ndivyo ilivyo pia kwa majina mengine ambayo pesa hii hupewa: ya karatasi, ya kufuata keshi benki, ya bodaboda, ya kufungua duka mapema. Naelewa kwamba wakala wa kijijini hutumia nauli kwenda kutafuta keshi mjini, na kamisheni yake haijali umbali. Ni malalamiko ya kweli, lakini yanapaswa kwenda kwa kampuni inayomlipa. Wewe umeshalipa.

Kuna njia nyingine ya kutozwa zaidi ambayo haikukupata, lakini nitaieleza kwa sababu kwenye meseji inaonekana tofauti na watu huilalamikia kwa jina hilohilo la makato ya wakala. Wakala anakwambia laini yake ya kazi ina shida, umtumie pesa kwa nambari yake ya kawaida, naye akupe keshi. Ukituma 10,000 unakatwa 90 ya kutuma. Kisha yeye anakupa 9,885, akisema amekata 115 ya kutolea. Umelipa 205 kwa kazi ya 115. Wengine hufanya kwa namba ya Lipa na M-Pesa: simu yako haikatwi kitu, lakini keshi unapewa pungufu, na kiasi gani kimepungua anaamua yeye.

Utaitambua njia hiyo kwa neno moja la meseji. Utoaji halali unaandikwa `Withdraw`, pamoja na nambari ya wakala. Ukiona `sent to`, umemtumia mtu. Ukiona `paid to`, umenunua bidhaa. Katika hali hizo mbili mtandao haujui kwamba ulitaka keshi, kwa hiyo ukienda kulalamika kwamba ulipewa pungufu, kumbukumbu zitaonyesha tu kwamba ulituma zawadi au ulinunua unga. Ndiyo maana mimi humwambia mteja yeyote kwamba, laini ya kazi ikiwa haifanyi kazi, duka hilo leo si wakala.

Mwanao akiwa ndiye aliyekutumia pesa na akaongeza ya kutolea, kupasua kunaleta fujo zaidi. Tuseme alikutumia 10,115 barabara ili upate elfu kumi mkononi, na akaunti haikuwa na kitu kingine. Utoaji wa kwanza wa 5,000 unaacha 5,046. Wa pili unahitaji 5,069, na hazipo. Zimepungua zilezile 23. Simu inakataa. Hapo ndipo dukani husemwa kwamba aliyetuma hakuweka ya kutolea ya kutosha, na mama anampigia mwanawe simu kwa hasira ilhali mtoto alihesabu sawa. Wewe uliokolewa na zile mia tatu na zaidi zilizokuwa zimekaa kwenye akaunti.

Na kwa wanaotumia Fuliza: ukiwa na deni, pesa ikiingia inakatwa deni kwanza. Salio linakuwa dogo kuliko ulichotumiwa, na ukilikuta limepungua ukiwa mbele ya wakala ni rahisi kumtuhumu yeye. Kabla ya kutaja makato, hesabu kutoka kwenye salio lililokuwapo dakika ya kutoa, siyo kutoka kwenye kiasi ulichotumiwa asubuhi.

Wasomaji wa ng'ambo ya Lungalunga hesabu yenu ni nyingine. Tanzania ilianzisha tozo ya serikali kwenye miamala ya simu tarehe 15 Julai 2021, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na kuanzia 1 Julai 2023 ikaondolewa kwenye kutuma lakini ikabaki kwenye kutoa. Tozo hiyo ilisimama peke yake, nje ya ada ya mtandao. Kwa hiyo bango linaloonyesha ada ya mtandao pekee linaweza kuwa sahihi na bado makato yako yakawa makubwa kuliko lilivyosema. Someni mstari wa tozo kwanza kabla ya kumshika shati wakala.

Sasa habari ya kurudishiwa, mama, na hapa sitakudanganya. Ile 23 ni ngumu. Mtandao ulikata ulivyoagizwa: maagizo mawili ya 5,000 kutoka kwenye simu yako, kwa nambari yako ya siri, na kila moja likakatwa 69 kama jedwali linavyosema. Kwa mtazamo wao hakuna muamala uliokosewa wa kurekebisha. Ile 20 ni rahisi kidogo, kwa sababu hapo wakala amevunja masharti waziwazi, na mwenye duka akipigiwa simu na wasimamizi wake mara nyingi huona afadhali airudishe. Anza naye. Mwenye duka, siyo kijana. Nenda na mwanao, na zile meseji mbili, umwombe afungue daftari la siku ile palipo na daftari. Miamala ikiwa miwili, mistari inapaswa kuwa miwili, kila mmoja na msimbo wake, kiasi, nambari yako ya kitambulisho na sahihi yako. Kama uliweka sahihi mara moja na mistari ni miwili, au mstari ni mmoja wenye 10,000 ambayo haimo kwenye simu yako, mwenye duka ataelewa bila kuelezwa sana.

Asipokusikiliza, piga 100 kama laini yako ni ya kulipia kabla, au 200 kama ni ya kulipia baadaye. Usianze kwa kusema umekatwa pesa nyingi, kwa sababu atakusomea jedwali na mazungumzo yataishia hapo. Sema hivi: nimetoa 10,000 kwa wakala fulani, muamala umepasuliwa mara mbili bila ridhaa yangu, misimbo ni hii na hii, na nimetozwa shilingi 20 taslimu juu ya makato. Maneno hayo mawili, kupasuliwa na taslimu, ndiyo yanayolipeleka lalamiko kwa wanaosimamia mawakala badala ya kubaki kwa anayejibu simu. Taja pia kwamba bango la ada ni la zamani. Omba nambari ya lalamiko uiandike. Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo inayozisimamia huduma hizi, ipo kwa anayeona kampuni imempuuza, lakini itataka kwanza kujua ulilalamika kwa kampuni lini na ulijibiwa nini.

Na unapolalamika, toa nambari ya wakala kama ilivyo kwenye meseji, siyo jina la duka wala mahali lilipo. Maduka matatu yanaweza kupakwa rangi ileile ya kijani kwenye barabara moja, na jina lililoandikwa juu ya mlango mara nyingi silo lililosajiliwa. Wanaofuatilia hutafuta kwa nambari.